Kanuni ya Stokes kwenye nusutufe: ukokotoe kuba, sahani au duara?

Swali lenyewe huja hivi: umepewa uga wa vekta F na nusutufe, unaambiwa utafute integrali ya kurli ya F juu ya uso huo. Wengi wanaikumbuka kanuni ya Stokes vizuri, wanaiandika juu ya karatasi, halafu wanachagua njia kwa kubahatisha. Nusu saa baadaye wana kurasa mbili za sini na kosini, na jibu lenye ishara ya kutoa mahali pasipostahili.

Tatizo kubwa ni kudhani kuwa njia ni mbili tu, yaani uso au ukingo. Kwenye nusutufe njia ni tatu, na ile ya tatu ndiyo inayookoa muda mara nyingi zaidi. Humu tutaziita kwa majina mafupi:

- Kuba: uso wenyewe wa nusutufe uliopinda.
- Sahani: eneo bapa linaloziba mdomo wa nusutufe, yaani duara pamoja na kila kilicho ndani yake.
- Duara: ukingo peke yake, ule mstari wa mviringo ambako kuba na sahani zinakutana.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Kwanza kanuni yenyewe:

∬ (∇×F)·n dS = ∮ F·dr

Upande wa kushoto ni integrali juu ya uso, na n ni vekta wima ya uso, yenye urefu wa 1. Upande wa kulia ni integrali ya kuzunguka ukingo.

Pili, kurli ya F = (P, Q, R), vijenzi vyake vitatu kwa mpangilio:

∇×F = (R_y − Q_z, P_z − R_x, Q_x − P_y)

Herufi ndogo ya chini inaonyesha derivativu imechukuliwa kwa kufuata nini. R_y ni derivativu ya R kwa y, x na z zikitulia.

Tatu, vipimo vya nusutufe yenye nusukipenyo a, iliyokaa wima juu ya tambarare ya z = 0:

- Kuba: x = a sin φ cos θ, y = a sin φ sin θ, z = a cos φ, ambapo φ inaanzia 0 hadi π/2, na θ inaanzia 0 hadi 2π. Hapa n dS = (x, y, z) · a sin φ dφ dθ, ikielekea nje.
- Sahani: n = (0, 0, 1), dS = r dr dθ, r kutoka 0 hadi a.
- Duara: (a cos t, a sin t, 0), t kutoka 0 hadi 2π.

Nne, integrali chache za kukariri, kwa sababu zitarudi kila mara. Kutoka 0 hadi 2π, cos²t na sin²t kila moja inatoa π, sin t cos t inatoa 0, na sin⁴t na cos⁴t kila moja inatoa 3π/4. Kutoka 0 hadi π/2, sin φ cos φ inatoa 1/2.

Tahadhari moja ya alama: hapa φ inapimwa kutoka mhimili wa z kwenda chini. Vitabu vingi vya fizikia vinabadilishana φ na θ. Ukichanganya vitabu viwili katika swali moja, mipaka ya integrali itagongana na hutajua kosa limeingilia wapi.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeulizwa kurli

Soma swali tena. Je, kinachopita kwenye uso ni ∇×F, au ni F yenyewe? Stokes inahusu ya kwanza tu.

Chukua F = (x, y, z) na nusutufe yenye nusukipenyo 2. Ukiulizwa mtiririko wa F kupitia kuba, zao nukta la F na n ni 2 kila mahali, eneo la kuba ni 2π·4 = 8π, kwa hiyo jibu ni 16π. Anayekimbilia duara atapata 0, maana F inatoka katikati kwenda nje na haina sehemu yoyote inayofuata mzingo. Hiyo 0 ni jibu sahihi la swali lingine.

Kuna kipimo cha haraka kama umepewa uga G bila kuambiwa kuwa ni kurli ya kitu. Jumlisha derivativu ya kijenzi cha kwanza kwa x, cha pili kwa y na cha tatu kwa z. Isipokuwa 0, G haiwezi kuwa kurli ya uga wowote, basi Stokes iweke kando. Kwa mfano wa hapo juu jumla ni 3.

## Hatua ya 2: Chora, kisha panga uelekeo

Usiruke mchoro, hata ukiwa mbaya. Weka kuba, weka mshale wa n, halafu tumia mkono wa kulia: dole gumba lifuate n, vidole vinavyojikunja vionyeshe mwendo wa kuzunguka duara.

Kwa kuba ya juu (z ≥ 0) yenye n inayotoka nje, kileleni n inatazama juu. Ukiwa juu unatazama chini, duara linazungukwa kinyume cha saa, na (a cos t, a sin t, 0) inafanya hivyo hasa. Ukienda kwa sahani, n yake lazima itazame juu pia: (0, 0, 1).

Hapa ndipo wengi wanapoteza ishara. Wanakumbuka kwamba kuba na sahani kwa pamoja zinafunga umbo kama bakuli lililofunikwa, na kwa umbo lililofungwa n ya sahani "inatoka nje", yaani inatazama chini. Hilo ni la kanuni nyingine. Katika Stokes sahani haifungi chochote. Inachukua nafasi ya kuba, kwa hiyo lazima ikubaliane na kuba juu ya mwendo wa duara.

Kwa kuba ya chini (z ≤ 0) yenye n inayotoka nje, n inatazama chini. Duara linageuka na kufuata saa ukitazama kutoka juu, na sahani inachukua (0, 0, −1). Badala ya kuandika parameta mpya, kokotoa duara la kawaida na mwishoni zidisha kwa −1. Ni salama zaidi.

Kwa kuba iliyolala ubavu, x ≥ 0, n ikitoka nje kuelekea x chanya, ukingo uko kwenye tambarare ya x = 0. Parameta sahihi ni (0, a cos t, a sin t): unatoka y kwenda z. Anayeandika (a cos t, a sin t, 0) kwa mazoea amezunguka duara ambalo si ukingo wa uso wake hata kidogo.

Dalili kwamba hatua hii imekaa sawa: unaweza kutaja n ya kuba, n ya sahani na mwendo wa duara bila kuangalia daftari, na zote tatu zinapatana na dole gumba lilelile.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali uga unapovunjika

Stokes inadai F iwe na derivativu zinazoendelea vizuri kwenye uso wote unaoutumia, ukingo ukiwemo. Kwa hiyo tazama sehemu za chini za F: kuna mahali zinakuwa 0? Kama hakuna mgawanyo, mzizi wala logi, pita haraka. Kama upo, andika wazi mahali hapo ni wapi, kisha jiulize: je, kuba inapita hapo? Sahani je? Duara?

Maswali hayo matatu yana majibu tofauti, na ndiyo sababu hatua hii imetengewa mfano mzima huko chini.

## Hatua ya 4: Chagua njia

Fuata mpangilio huu.

Anza na sahani. Kwenye sahani n ni (0, 0, 1), kwa hiyo kijenzi kimoja tu cha kurli ndicho kinachobaki: Q_x − P_y. Vile vingine viwili huna haja hata ya kuvikokotoa. Zaidi ya hapo, Q_x − P_y haina derivativu yoyote ya z, kwa hiyo unaruhusiwa kuweka z = 0 ndani ya P na Q mapema kabisa. R haiguswi. Kama Q_x − P_y ni namba tupu au inategemea x² + y² tu, umemaliza.

Nenda kwenye duara pale Q_x − P_y inapokuwa ngumu, lakini P na Q zenyewe zinakuwa nyepesi juu ya x² + y² = a². Kipande kama (x² + y²) kwenye kipeo cha juu, au mzizi wa x² + y², kinakuwa namba tu ukikaa juu ya duara. Duara pia ndilo la kutumia kama sahani inagusa mahali uga unapovunjika.

Baki na kuba katika hali mbili. Ya kwanza, umepewa kurli tu bila F, na sahani haifai kwa sababu ya hatua ya 3. Ya pili, mtahini ameandika "thibitisha kanuni ya Stokes kwa uso huu", na hapo anataka pande zote mbili zikokotolewe. Nje ya hizo, kuba huwa ndiyo njia ndefu kuliko zote.

Onyo kwa wanaopenda njia ya mkato: ruhusa ya kuweka z = 0 mapema ni ya sahani na duara pekee. Ukiweka z = 0 ndani ya F halafu ukachukua kurli na kuipeleka kwenye kuba, umebadilisha swali.

## Hatua ya 5: Mfano mmoja kwa njia zote tatu

Tuchukue F = (z² − y, 2x + yz, xyz), kuba ya juu, nusukipenyo 2, n ikitoka nje.

Kurli:

- kijenzi cha kwanza: R_y − Q_z = xz − y
- cha pili: P_z − R_x = 2z − yz
- cha tatu: Q_x − P_y = 2 − (−1) = 3

Kwa sahani. Kijenzi cha tatu ni 3. Eneo la sahani ni 4π. Jibu: 12π. Mistari miwili.

Kwa duara. Weka z = 0, na dz = 0. F inabaki (−y, 2x, 0). Kwa x = 2 cos t na y = 2 sin t, tuna dx = −2 sin t dt na dy = 2 cos t dt. Hivyo

−y dx + 2x dy = (4 sin²t + 8 cos²t) dt

Integrali ni 4π + 8π = 12π. Mistari minne, na hakuna kilichouma.

Kwa kuba. Zao nukta la kurli na (x, y, z):

x²z − xy + 2yz − y²z + 3z

Hii izidishwe na a sin φ = 2 sin φ. Sasa usianze kubadilisha kila kitu kuwa pembe na kufungua mabano. Fanya integrali ya θ kwanza, kichwani. Kipande xy kina cos θ sin θ, kinatoa 0. Kipande 2yz kina sin θ peke yake, kinatoa 0. Vipande x²z na −y²z vikiunganishwa vina cos²θ − sin²θ, navyo vinatoa 0. Kinachobaki ni 3z:

3 · 2 cos φ · 2 sin φ = 12 cos φ sin φ

Kutoka 0 hadi π/2 inatoa 6. Zidisha kwa 2π: 12π.

Anayefanya integrali ya φ kwanza atapambana na sin³φ cos φ na wenzake wote, akija kugundua baadaye kwamba vilikuwa vinajifuta. Ndiyo maana mpangilio wa θ kwanza si wa mapambo.

Kuna wanaopendelea kuandika kuba kwa x na y, wakitumia n dS = (x/z, y/z, 1) dx dy. Fomula ni sahihi, lakini ukingoni z ni 0 na vipande vya kwanza viwili vinagawanywa kwa sifuri. Integrali bado ina jibu, ila lazima ukaribie ukingo kwa limiti. Kwa nusutufe nzima tumia pembe, utapumua.

Geuza kidogo uone uzito wa mchoro: F ileile, nusutufe ileile ya nusukipenyo 2, ila sasa imelala ubavu, x ≥ 0. Sahani iko kwenye x = 0 na n = (1, 0, 0), basi kijenzi cha kwanza ndicho kinachofanya kazi: xz − y, ambacho kwa x = 0 ni −y. Nusu ya sahani ina y chanya, nusu ina y hasi, jumla ni 0. Uga haukubadilika hata herufi, lakini jibu limetoka 12π hadi 0.

## Pale duara linapokutisha bure

F = (e^(x²) − y³, x³ + sin(y²), z cos(xy)), kuba ya juu, nusukipenyo 2.

Kwenye duara unapata e^(4 cos²t) ikizidishwa na −2 sin t, pamoja na sini ya ndani ya sini. Jumla ya vipande hivyo ni 0, na mwenye jicho la ulinganifu ataona. Lakini chini ya shinikizo la mtihani wengi wanakwama hapo, na hata wakipita bado wana sin⁴t na cos⁴t mbele yao.

Kwenye sahani, e^(x²) haina y, kwa hiyo derivativu yake kwa y ni 0. sin(y²) haina x, nayo inatoweka. R haitazamwi. Kinachobaki:

Q_x − P_y = 3x² + 3y² = 3r²

Integrali: 2π mara integrali ya 3r³ kutoka 0 hadi 2, yaani 2π · 12 = 24π.

Ukitaka kuhakiki kwa duara, vipande vya −y³ na x³ vinatoa 16 · (3π/4 + 3π/4) = 24π.

Kumbuka dalili hii: ukiona ndani ya P kitu cha kutisha chenye x tu, na ndani ya Q kitu cha kutisha chenye y tu, aliyetunga swali anakuita uende kwenye sahani.

## Pale sahani inapokudanganya

Huu ndio mfano wa kukaa nao. Chukua

F = (−y, x, 0) / (x² + y² + z²)^(3/2)

Ukiondoa namba za vizio, huu ndio uga ambao wanafizikia huutumia kuelezea sumaku ndogo iliyowekwa kwenye kitovu na kuelekea juu. Kurli yake ni uga wa sumaku yenyewe. Kuba ni ya juu, nusukipenyo 2, n ikitoka nje.

Hatua ya 3 inasema tazama chini ya mgawanyo. Unakuwa 0 mahali pamoja tu, (0, 0, 0). Kuba iko umbali wa 2 kutoka hapo kila mahali, iko salama. Duara nalo liko umbali wa 2, salama. Lakini sahani ina kitovu hicho katikati yake.

Duara: juu yake sehemu ya chini ni 2³ = 8. Sehemu ya juu, −y dx + x dy, ni 4 dt. Integrali: (4/8) · 2π = π.

Kuba: kwa kuandika ρ kama umbali kutoka kitovu, kurli ni

(3xz/ρ⁵, 3yz/ρ⁵, 2/ρ³ − 3(x² + y²)/ρ⁵)

Zidisha nukta na n = (x, y, z)/ρ. Vipande vyenye x² + y² vinafutana, inabaki 2z/ρ⁴. Kwa ρ = 2 hiyo ni z/8, yaani cos φ / 4. Eneo dogo ni 4 sin φ dφ dθ. Tunapata cos φ sin φ, integrali 1/2, mara 2π: π. Inakubaliana na duara.

Sahani: weka z = 0 katika kijenzi cha tatu. Kinakuwa 2/r³ − 3/r³ = −1/r³. Tayari kengele imelia: kila mahali kwenye sahani thamani ni hasi, ilhali jibu tunalolijua ni chanya. Ukiendelea, integrali ni −2π mara integrali ya 1/r² kutoka 0 hadi 2, na hiyo haina kikomo. Inazama kwenda hasi isiyo na mwisho.

Hakuna kilichovunjika katika kanuni. Sahani haikutimiza sharti, basi.

Kama kwa sababu fulani unalazimika kutumia sahani, toboa tundu dogo katikati, la nusukipenyo ε. Sasa uso wako una kingo mbili, la nje na la tundu. Integrali ya sahani iliyotobolewa ni −2π(1/ε − 1/2), yaani π − 2π/ε. Duara la tundu, likizungukwa kinyume cha saa, linatoa 2π/ε. Jumlisha: π, kwa ε yoyote ile. Duara la nje limerudi na thamani yake.

Linganisha na uga unaofanana naye kwa sura:

F = (−y, x, 0) / (x² + y²)

Huu unavunjika kwenye mhimili mzima wa z, si kitovuni tu. Kuba inaukata mhimili huo kileleni, (0, 0, 2). Kwa hiyo kuba haifai, sahani haifai, na uso wowote mwingine unaoziba duara hilo utaukata mhimili mahali fulani. Kurli ni 0 kila mahali inapoweza kukokotolewa, lakini duara linatoa 2π. Aliyeandika "0 = 2π, nimekosea hesabu" hakukosea hesabu. Alitumia kanuni mahali isipofika. Ukiulizwa kuhusu duara, jibu ni 2π na unalipata kwa kulizunguka lenyewe.

## Ukipata jibu hili, kosa liko hapa

Rudi kwenye mfano wa hatua ya 5, ambao jibu lake ni 12π, ujue namna ya kusoma makosa kutoka kwenye namba.

−12π. Uelekeo. Ama umetumia n ya sahani inayotazama chini, ama umezunguka duara kwa kufuata saa. Usibandike ishara ya kuongeza ili mambo yaishe. Rudi kwenye mchoro, kwa sababu swali lijalo linaweza kuwa la kuba ya chini.

24π kwa njia ya kuba. Wakosaji wawili wanafika hapa. Mmoja amesahau sin φ ndani ya dS: 12 cos φ peke yake inatoa 12, mara 2π ni 24π. Mwingine ameandika dS = 4 sin φ dφ dθ kisha akatumia (x, y, z) bila kuigawa kwa 2, yaani n yake ina urefu wa 2. Chagua mtindo mmoja: ama (x, y, z) na a sin φ, ama (x, y, z)/a na a² sin φ.

6π au 3π kwa njia ya duara. Nusukipenyo imedondoka. 6π inatokea ukiisahau mara moja, kwa kawaida ndani ya dx na dy. 3π inatokea ukiisahau kote, umekokotoa duara la nusukipenyo 1.

4π. Q_x − P_y imekuwa 2 − 1 badala ya 2 − (−1). Derivativu ya −y kwa y ni −1, na kuitoa ni kuongeza.

0 kwa njia ya kuba. Tazama mpaka wa juu wa φ. Ukiandika π badala ya π/2 umekokotoa tufe zima, na tufe halina ukingo, kwa hiyo kurli ya uga laini juu yake daima inatoa 0. Lakini usiifute 0 kabla ya kuangalia nusutufe imekaa vipi. Ile iliyolala ubavu ilitoa 0 kihalali.

Jibu lenye θ au φ ndani yake. Integrali moja haijafanyika, au z imebaki kama z ulipokuwa ukibadilisha kwenda pembe. Hili linatokea zaidi kwa wanaochanganya x, y na pembe katika mstari mmoja. Badilisha vyote kwa pamoja, au usibadilishe chochote hadi ulinganifu wa θ umalize kufuta vipande.